Reaksio za boriti yenye kuple: mahali hesabu inapopotelea

Wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza wa ujenzi au mekanika hapa Lubumbashi wanajua kutafuta reaksio za boriti yenye mzigo mmoja, yaani nguvu ambazo maegemeo yanarudisha ili kuibeba. Ukiwachorea boriti ileile na kuongeza kamshale ka kuzunguka katikati, yaani kuple, ndipo mambo yanaharibika. Wengine wanazidisha kuple kwa umbali, wengine wanaiingiza kwenye jumla ya nguvu za wima, na wengine wanaipa alama kwa kubahatisha. Tuchukue boriti moja tuimalize, maana anayeielewa hii ataelewa na zingine.

Boriti ina urefu wa m 6. Kushoto kuna egemeo A, ambalo linaruhusu boriti kuzunguka lakini halisogei. Kulia kuna egemeo B la rola, ambalo linasukuma kwenda juu tu. Kwenye m 2 kutoka A kuna mzigo wa kN 12 unaoelekea chini, na kwenye m 4 kutoka A kuna kuple ya kN·m 18 inayozunguka kwa mwendo wa mshale wa saa. Uzito wa boriti yenyewe tuuache kwanza.

Kuple ni nguvu mbili zilizo sawa, sambamba, zinazoelekea pande zilizo kinyume. Ukizijumlisha unapata sifuri, kwa hiyo kwenye hesabu ya nguvu za wima kuple haionekani kabisa. Kinachobaki ni momenti yake, yaani nguvu yake ya kuzungusha, na momenti hiyo ni ileile popote unapochagua kusimama ili kuihesabu. Hapo ndipo inapotofautiana na nguvu. Nguvu inahitaji mkono wa umbali ndipo itoe momenti, lakini kuple tayari ni momenti, mkono wake umeshazidishwa ndani. Ukiandika 18 × 4 umezidisha mara ya pili, na vipimo vyenyewe vitakushtaki: utakuwa na kN·m² katikati ya kN·m.

Chagua alama moja na usiiache njiani. Tuseme kuzunguka kinyume cha saa ni chanya. Momenti kwenye A:

```
6·B − 12·2 − 18 = 0
B = 42 / 6 = 7 kN
```

Halafu wima: A + B = 12, kwa hiyo A = 5 kN. Watu wengi wanaishia hapa, wanajumlisha 5 na 7, wanapata 12, wanafurahi. Huo si ukaguzi. Hiyo A umeipata kwa kutoa 7 kwenye 12, lazima jumla itoke 12 hata kama B ni ya uongo. Ukaguzi wa kweli ni kurudi upande wa pili na kuchukua momenti kwenye B bila kutumia jibu ulilonalo:

```
−6·A + 12·4 − 18 = 0
A = 30 / 6 = 5 kN
```

Tazama vizuri mstari huo. Mzigo wa 12, uliokuwa na alama hasi tulipokuwa A, sasa una alama chanya, kwa sababu ukiwa B mzigo unaonekana kuzungusha boriti upande mwingine. Kuple haikubadilika: ilikuwa −18, imebaki −18. Ukiona mwanafunzi amegeuza alama ya kuple kwa sababu amehamia egemeo lingine, umeshapata kosa lake bila kusoma mengine.

Kuna njia nyingine ya kujua kama jibu lina akili, na haichukui hata dakika. Tenganisha vitu viwili. Mzigo peke yake ungetoa kN 8 kwa A na kN 4 kwa B, kwa sababu uko karibu na A. Kuple peke yake inataka kuinua upande wa kushoto na kubonyeza upande wa kulia, basi maegemeo yanajibu kwa jozi: 18 gawanya kwa 6 ni kN 3, ikiongezeka kwa B na kupungua kwa A. Nane toa tatu ni 5, nne ongeza tatu ni 7. Ukishazoea, utaanza na hii kichwani kabla ya kushika kalamu.

Sasa kuple inatoka wapi? Kwenye mtihani inadondoka tu kutoka juu, lakini kwenye atelie ina chanzo. Fikiria karakana ya malori inayoshusha mota za magari yanayotoka njia ya Kasumbalesa. Chini ya boriti, kwenye m 2 kutoka A, wamechomelea mguu wa chuma, na kwenye mguu wameunga mkono wa mlalo wenye urefu wa m 1,5 unaoelekea B. Palani ya kunyanyulia mota inaning'inia kwenye ncha ya mkono. Mota pamoja na palani ni kN 12, yaani zaidi kidogo ya tani moja na kilo mia mbili.

Boriti haiguswi na palani. Inaguswa na mguu, na mguu unaipa vitu viwili: nguvu ya kN 12 kwenda chini, na kuple ya 12 × 1,5 = kN·m 18 kwa mwendo wa saa. Reaksio ni zilezile, 5 na 7. Unaweza kuzihakiki kwa kusahau mkono kabisa: mstari wa mzigo unapita m 3,5 kutoka A, na 12 × 3,5 ÷ 6 ni 7. Njia mbili, jibu moja.

Ila chagua moja. Kosa linalorudi kila mwaka ni kuuweka mzigo kwenye m 3,5 na bado kuongeza kuple ya 18. Utapata B = 10 na A = 2, jumla 12, kila kitu kinaonekana kizuri, na B imezidi kwa kN 3 nzima. Ukiuhamisha mzigo mpaka kwenye mguu, andika kuple. Ukiuacha pale unaponing'inia, kuple haipo.

Umegundua pia kwamba kwanza kuple ilikuwa kwenye m 4, sasa iko kwenye m 2, na reaksio hazikutikisika. Kwa boriti ya maegemeo mawili namna hii ndivyo ilivyo: isogeze kuple popote, A na B hazibadiliki. Wengine wakisikia hivyo wanadhani basi mahali pake hakuna maana. Hapo wanadanganyika vibaya, kwa sababu momenti ya kupinda ndani ya boriti inajali sana.

Kuple ikiwa kwenye m 4: kutoka A momenti inapanda mpaka 5 × 2 = kN·m 10 chini ya mzigo. Baada ya hapo inashuka kN·m 7 kwa kila mita, kwenye m 4 imefika −4, halafu kuple inairusha ghafla kwa 18 mpaka 14, na kutoka hapo inashuka hadi sifuri kwenye B. Kubwa kuliko zote ni 14. Kuple ikiwa kwenye m 2, pamoja na mzigo: inapanda mpaka 10, inaruka papo hapo mpaka 28, kisha inashuka kwa mita nne zilizobaki, 28 toa 7 × 4, sifuri. Kubwa ni 28, mara mbili ya ile ya kwanza, na maegemeo hayajui lolote. Palani ingefungwa moja kwa moja kwenye boriti kwa m 3,5, kubwa ingekuwa 5 × 3,5 = 17,5. Kwa hiyo usichague chuma kwa kuangalia reaksio peke yake. Na kama mchoro wako wa momenti haurudi sifuri kwenye B, ama reaksio ni mbaya, ama kuple umeirusha upande usio wake.

Tugeuze mkono sasa, uelekee A badala ya B. Kuple inakuwa kinyume cha saa, chanya: 6·B − 24 + 18 = 0, B inashuka hadi kN 1 na A inapanda hadi 11. Mzigo uleule, mguu uleule. Kama mkono unaweza kuzungushwa, nguzo ya A inahesabiwa kwa 11, nguzo ya B kwa 7. Mkono ukiwa katikati ya mzunguko, umekaa pembeni ya boriti, unaisokota. Hiyo ni momenti ya aina nyingine na hesabu hii haiigusi.

Halafu kuna hali inayoogopesha zaidi. Mwenye karakana anataka mkono utoke nje ya mlango uchukue mota moja kwa moja kutoka kwenye lori. Egemeo A liko juu ya linto ya mlango, mkono unapita chini yake, urefu unaongezwa hadi m 2,5. Kuple ni kN·m 30 kinyume cha saa:

```
6·B − 24 + 30 = 0
B = −1 kN
A = 13 kN
```

Alama ya hasi hapa si kosa la hesabu, usiifute. Mstari wa mzigo umetoka nje ya A kwa nusu mita, na B lazima ivute boriti chini ili isiinuke. Rola haiwezi kuvuta. Boriti iliyolazwa tu juu ya ukuta wa B itanyanyuka upande huo mota ikishaning'inia.

Hapa ndipo uzito wa boriti unaingia. Boriti ya chuma ya IPE 200 ina kilo 22,4 kwa mita, kwa m 6 ni kilo 134, karibu kN 1,3, na nusu yake, kN 0,66, inakaa B. Bado kuna pengo la kN 0,34, bila kuhesabu palani inapokamata kwa mshtuko au mota inayozidi uzito ulioandikwa. Funga B kwa bolti zilizotiwa ndani ya zege, si kwa matofali mawili yaliyowekwa juu. Au sogeza mguu: ukiuweka kwenye m 3 badala ya m 2, mzigo unaning'inia nusu mita ndani ya A, B inarudi kN 1 kwenda juu, lakini mkono haufiki tena nje ya mlango, na mwenye karakana atakuuliza kwa nini.