Sivii bila tageti: hesabu kitabu cha dilivari

"Nimekuwa karani wa godauni Shimanzi miaka 2, hatukuwa na tageti wala ripoti. Kwa sivii niandike matokeo gani?"

Ndugu yangu, usibuni zile "niliongeza ufanisi asilimia 30", ukiulizwa ulipimaje utabaki kukodoa macho tu.

Anza na kitabu cha dilivari. Tuseme kina seti 50, kila lori likitoka unakata moja, na siku za kawaida kitabu kilikuwa kinaisha kwa siku 2, basi hapo ni lori kama 25 kwa siku. Lakini mlikuwa makarani wangapi? Kama mlikuwa 2 mkigawana sawa, zako ni 12 hivi, wala usijibebeshe zote (wengi huteleza hapa). Halafu usichukue ile wiki meli imeshusha mchele mkalala kazini, chukua wiki ya kawaida.

Andika hivi: "Nilikagua na kuandikia takriban lori 10 hadi 12 kwa siku, nikiwa mmoja wa makarani 2, na kuhesabu stoki kila Jumamosi." Ile Jumamosi iweke tu kama kweli mlikuwa mnahesabu kila wiki, kama ni mwisho wa mwezi sema mwisho wa mwezi, supavaiza wako wa zamani anaweza kupigiwa simu.