"Miungu midogo iliyoshuka" au "miungu wadogo walioshuka"?

*Shikamoo mwalimu. Natafsiri hadithi ya Wayoruba ya kuumbwa kwa dunia, ya kusomwa na watoto wa darasa la sita. Niliandika: "Olodumare aliumba dunia kupitia miungu midogo iliyoshuka kutoka mbinguni." Mhariri kasahihisha: "miungu wadogo walioshuka". Mwenzangu naye anasema niliepuke kabisa neno miungu, niandike malaika. Nimsikilize nani?*

Marahaba. Kwenye upatanisho msikilize mhariri, ingawa sentensi yenyewe bado ina kasoro mbili ambazo hakuziona. Mwenzako mwache kwanza, nitamrudia.

Neno mungu limevaa nguo za mti: mti/miti, mungu/miungu. Kwa hiyo ulimi unavutwa kusema "miungu mikubwa inakuja" kama "miti mikubwa inaanguka". Lakini Kiswahili kikishaona uhai na utashi ndani ya nomino, huacha umbo na kufuata maana. Angalia mtume/mitume, ambalo ni umbo lile lile. Hakuna anayesema "mitume kumi na miwili". Sote husema "mitume kumi na wawili". Vivyo hivyo, miungu wanaotumwa, wanaolewa pombe na kugombana hupata wa-.

Utaniuliza: mbona katika Kutoka 20:3 imeandikwa "Usiwe na miungu mingine ila mimi"? Ni kweli, na mimi nisingeigusa. Soma aya inayofuata, inakataza sanamu ya kuchonga. Pale miungu inakaribia kuwa vitu, na mi- inawakalia vizuri. Kitu kimoja tu nitakuachia: kimilikishi. Mdomo wangu mwenyewe husema "miungu yao wamekasirika", kama tusemavyo "rafiki zangu wamefika". Kimilikishi hung'ang'ania umbo la nomino hata pale kitenzi kilipokwisha kuhamia kwenye uhai.

Sasa hilo -dogo. Anayeshuka katika hadithi yako ni Obatala, na jina lake jingine kwa Wayoruba ni Orishanla, yaani orisha mkubwa; orisha ndivyo wanavyowaita miungu hawa. Ukimwita mungu mdogo, mtoto wa darasa la sita ataona kijimungu, au mungu ambaye hajakua. Wadogo kwa nani? Kwa Olodumare peke yake. Basi liseme hilo: "miungu walio chini yake". Au, na hivi ndivyo ningefanya mimi, chukua neno lao wenyewe, orisha, ulifafanue mara moja mwanzoni, kisha uendelee nalo. Litumie kama malaika lilivyo katika sarufi: orisha mmoja, orisha wengi, bila "maorisha". Wayoruba husema orisha wao ni 401, na nambari hiyo utaisoma "mia nne na mmoja".

Nimesema kama malaika katika sarufi. Katika maana, hapana, na hapa ndipo mwenzako anapopotea. Sikiliza hadithi inavyokwenda. Chini kulikuwa na maji matupu. Olodumare akamwita Obatala, akampa gamba la konokono lililojaa udongo, kuku mwenye vidole vitano, na mnyororo wa kushukia. Njiani Obatala akakuta tembo, akanywa, akalala. Oduduwa, orisha mwenzake, akavichukua vile vitu, akashuka yeye, akamwaga udongo juu ya maji, kuku akauchakura mpaka ukawa nchi kavu. Mahali hapo ndipo Ile-Ife, mji ulioko kusini-magharibi mwa Nijeria, na wenyewe hulieleza jina hilo kwa kule kutapakaa kwa udongo. Wako wasimuliaji, hasa upande wa Obatala, ambao hawamtaji Oduduwa hata kidogo. Kwao Obatala aliimaliza kazi mwenyewe.

Malaika tunayemjua sisi, msikitini na kanisani, hatumwi akalewa njiani. Hupokea amri akaitimiza. Orisha ana njaa yake, kiu yake na ugomvi wake. Watu humchinjia, humjengea, wana makuhani wake. Olodumare kwa kawaida hajengewi hekalu wala hana makuhani wa peke yake, ila jina lake limo katika dua za kila siku. Ukiandika malaika unawanyang'anya orisha utashi, na hadithi nzima inakosa maana, kwa sababu bila utashi hakuna ulevi, na bila ulevi hakuna Oduduwa.

Wapo watakaokushauri mizimu. Mizimu yetu ni ya wafu waliotutangulia, na Wayoruba wanao wa kwao wa namna hiyo, egungun, wenye sherehe na mavazi yao. Mpaka si ukuta, nakubali: Shango, orisha wa radi, husimuliwa kuwa alikuwa mfalme wa Oyo. Lakini Obatala hakufa akawa mzimu. Alikuwapo kabla ya ardhi ya kuzikia mtu.

Kasoro ya kwanza ambayo mhariri hakuiona ni "aliumba kupitia". Mtu hupitia mlango wa nyuma. Hupitia Morogoro akienda Dodoma. Kuumba kupitia mtu kunaeleweka, lakini kunamfanya Obatala bomba tu. Kiswahili kina namna yake kwa mtu aliyetumwa kazi mbali: ile -ka- tunayomwambia mtoto, "nenda kachote maji". Andika: "Olodumare alimtuma Obatala akaumbe nchi kavu." Ka- hiyo imebeba safari ndani yake. Msomaji anaona kwamba mwenye amri amebaki juu, aliyetumwa anashuka, na katikati ya amri na kazi kuna njia ambayo lolote linaweza kutokea. Tena haisemi kama kazi ilifanyika, na kweli haikufanyika.

Kasoro ya pili ni kitenzi kuumba kubebeshwa kila kitu. Baadaye Obatala alipewa kazi ya kutengeneza miili ya watu kwa udongo. Hapo tunacho kitenzi safi, kufinyanga, ambacho kila mtoto aliyeona chungu anakijua. Uhai wenyewe, emi, yaani pumzi, Olodumare hakumpa mtu kazi hiyo. Husimuliwa kwamba Obatala alitaka kuona uhai unatiwaje, akajificha usiku kati ya sanamu alizofinyanga. Olodumare akamtia usingizi mzito. Alipoamka, sanamu zimekuwa watu, wamesimama. Kwa hiyo tenga vitenzi: Obatala alifinyanga, Olodumare alipulizia. Ukiandika "waliumba" kwa wote wawili umefuta mpaka ambao hadithi imeuchora kwa makusudi.

Katika kazi hiyo pia, husimuliwa, alilewa siku moja akafinyanga viungo visivyokamilika. Alipolevuka alijuta, akajifanya mlinzi wa watu hao, na hadi leo wanaomwabudu hawagusi tembo. Wayoruba huwaita eni orisa, watu wa orisha. Tafsiri hivyo hivyo, neno kwa neno. Hutapata heshima zaidi ya hiyo kwingine.

Umesema hadithi inalenga watoto, na bila shaka katika utangulizi utataka kulinganisha na miungu ya mataifa mengine (hapo, unaona, kalamu yangu imeandika "ya"). Kufanana kwa ajabu kuko Sumeri, nchi ya kale iliyokuwa kusini mwa Iraki ya leo. Enki na mungu wa kike Ninma walikunywa bia karamuni, wakaanza kushindana: Ninma anafinyanga mtu mwenye kasoro, Enki anamtafutia riziki. Asiyeona akapewa muziki. Tofauti yake ni kwamba Enki na Ninma wanacheza, hakuna bosi aliyewatuma; Obatala yuko kazini.

Kwa Wayunani kuwa mwangalifu zaidi. Wengi hufananisha Olodumare na Zeu kwa kuwa wote wako juu. Zeu hakuumba mbingu wala nchi. Alizaliwa akazikuta, akampindua baba yake Kronosi. Halafu yeye na ndugu zake wakapiga kura: Zeu mbingu, Poseidoni bahari, Hadesi kuzimu. Basi usiandike kwamba Zeu alimgawia Poseidoni bahari. Waligawana. Wafoni wa Benini, majirani wa Wayoruba, ndio wenye kugawiwa: Mawu, ambaye mara nyingi hutajwa pamoja na pacha wake Lisa kama Mawu-Lisa, aliwagawia wanawe, Sakpata nchi kavu, Hevioso mbingu na radi, Agbe bahari. Kila mmoja akapewa na lugha yake, wakaisahau ya mama yao. Legba, kitinda mimba, hakupewa milki ila lugha zote, na tangu hapo hakuna anayemfikia Mawu asimpitie yeye. Kwa Legba, "kupitia" ni ruksa.

Gawia na gawana. Herufi chache mwishoni mwa kitenzi, na umeshajua kama juu kuna mzazi mwenye mali au ndugu wanaogombea urithi.

Mawili ya mwisho, maana najua yatakukuta. Ukifika kwenye kinywaji cha Obatala usiandike "mvinyo wa mitende". Mimi niliwahi kuipitisha ikachapwa, na bado naona haya. Mtende huzaa tende, mti wa Uarabuni. Kinywaji kile hugemwa kwenye mchikichi, huu huu wa mawese ya Kigoma, na mwenye kugema anaitwa mgema. Tembo la mchikichi, basi.

La pili ni Eshu, mchukuzi wa sadaka na mlinzi wa njia panda. Samuel Ajayi Crowther, Myoruba aliyekuwa askofu, na wenzake walipotafsiri Biblia kwa Kiyoruba katika karne ya 19 walitumia jina hilo kwa Shetani, na vitabu vingi vimefuata. Katika hadithi hizi Eshu hamwasi Olodumare. Huyo ni mpelelezi wake na tarishi wake, ingawa ni mtundu kupindukia. Muache aitwe Eshu.

Sentensi yako mimi ningeiandika hivi: "Olodumare alimwita Obatala, mkubwa wa orisha, miungu walio chini yake, akamtuma ashuke akaumbe nchi kavu."