Picha ya jalada inakatwa kwenye simu: je, HD ni dawa?

*Ndugu mtaalamu, nina ukurasa wa Facebook wa duka langu la ushonaji. Nikiufungua kwenye kompyuta, picha ya jalada inaonyesha jina lote la duka na namba ya simu, ila wateja wenye simu wanaona maneno ya katikati tu. Kijana wa stesheneri anasema nimlipe aiongezee HD. Itasaidia? — Fundi cherehani, Morogoro*

Usimlipe. Picha yenye pikseli nyingi zaidi itakatwa palepale ilipokatwa hii, isipokuwa maneno yaliyobaki nusu yataonekana kwa ukali zaidi. Kila wiki naletewa picha nzito iliyokwisha "kuongezewa HD" mara mbili na bado imekatwa, kwa sababu aliyelipwa alishughulikia wingi wa pikseli wakati ugonjwa uko kwenye uwiano wa upana kwa kimo.

Facebook hupokea faili moja na kuionyesha kwenye madirisha mawili yasiyofanana. Kwenye kompyuta dirisha la jalada la ukurasa hutengewa pikseli 820 kwa 312, na kwenye simu 640 kwa 360. Picha hukuzwa mpaka ijaze dirisha lote, kisha kinachozidi hukatwa. Nikichukulia kwamba jalada lako lilitengenezwa kwa kipimo cha kompyuta, basi simu hulikuza mpaka kimo cha 312 kifike 360, na hapo upana wake unakuwa 946. Dirisha lina nafasi ya 640 tu, kwa hiyo 153 zinaondoka kila upande, yaani karibu theluthi ya upana wote, na ndimo jina na namba yako zilimokuwa.

Dawa ni kutengeneza turubai, yaani eneo la picha, inayotosheleza madirisha yote mawili, kisha kuweka maneno mahali ambapo hakuna dirisha linalokata. Tumia 1640 kwa 720. Kompyuta itakata 48 juu na 48 chini, simu itakata 180 kulia na 180 kushoto, na katikati kutabaki eneo salama la 1280 kwa 624. Jina na namba vikae humo, tena visisogee sana chini, kwa kuwa picha ya wasifu hufunika sehemu ya ukingo huo. Pembeni mwa eneo salama weka vitu visivyo na hasara vikikatwa, kama ukuta au vitambaa vilivyotundikwa.

Ukianza na picha ya simu ya 4000 kwa 3000, elewa kwamba kuifikisha kwenye umbo hilo kunabakiza kimo cha 1756 tu, maana yake zaidi ya asilimia 40 ya kimo inaondoka. Kwa hiyo piga ukiwa umelaza simu na umerudi nyuma vya kutosha, vichwa na viatu visikaribie kingo. Katika programu ya kuhariri picha ya GIMP chagua kifaa cha kukata, weka alama kwenye Fixed, chagua Aspect ratio na uandike 41:18, ukate, ndipo upunguze ukubwa kwa Scale Image huku alama ya mnyororo, inayofanya upana na kimo vibadilike pamoja, ikiwa imefungwa. Jalada lenye maandishi lihifadhi kama PNG, kwa kuwa herufi hutoka safi zaidi kuliko katika JPG.

Mnyororo huo ndio wanaoufungua hawa mafundi wa haraka. Wakiona picha haienei, wanaibana kwa nguvu. Hiyo 4000 kwa 3000 ikibanwa kuwa 820 kwa 312, kila mtu aliyemo ananenepa karibu mara mbili. Ukitaka kumgundua aliyefanya hivyo, tafuta kitu cha duara pichani, kama gurudumu la cherehani yako: likiwa na umbo la yai, picha imebanwa.

Mashaka zaidi nayaweka kwa anayeuza "bango moja la mitandao yote". Picha ya kichwa kwenye mtandao wa X ni 1500 kwa 500. Bango la YouTube ni 2048 kwa 1152, lakini eneo linaloonekana kwenye vifaa vyote ni 1235 kwa 338 tu katikati. Picha ya wasifu huanza kama mraba, kisha mitandao mingi huifanya duara, na nembo iliyogusa pembe hupoteza pembe hizo. Mbunifu mwaminifu hutengeneza faili tofauti kutoka kwenye kazi moja ya msingi, na hukukabidhi pia faili hiyo ya msingi yenye tabaka zake, ili kesho vipimo vikibadilika usilipie upya. Na yeyote anayekuomba nywila ya ukurasa ili "akuwekee kwa saizi sahihi", mnyime: kupandisha picha iliyokwisha kukatwa vizuri unaweza mwenyewe.