Kichwa cha saa nane mchana: ni njaa au ni chai?

Kuna dada kaniandikia jana usiku baada ya tarawehe. Hii ni funga yake ya tatu, na kila ikifika saa nane mchana kichwa kinambana kwenye paji la uso hadi magharibi. Anauliza kama ni njaa. Nikamuuliza: ukifuturu kwa tende na maji kinapoa, au mpaka unywe chai? Akajibu: mpaka chai.

Jibu hilo nalijua. Ramadhani ya mwaka juzi lilinitoa machozi mbele ya cherehani.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Tanga, na Ramadhani ndio msimu wetu wa kanzu na madera ya Idi. Siku ya kwanza kichwa kilianza adhuhuri. Siku ya pili kilizidi mpaka nikakata mkono wa kanzu ya mteja, ukapungua inchi mbili. Kitambaa nikalipa mimi. Jioni wifi yangu akasema mbele ya watu kwamba kichwa hakimuumi mwenye imani. Maneno yale bado yananichoma.

Nikaenda zahanati nikidhani ni malaria. Kipimo kikatoka safi, na yule tabibu akaniuliza nakunywa chai vikombe vingapi kwa siku. Nikahesabu: vinne vya chai ya rangi, na jioni finjani mbili za kahawa chungu. Akanieleza kuwa kafeini huizuia adenosini, kemikali inayoleta uchovu kwenye ubongo. Mwili ukishazoea, ukaikata ghafla, adenosini inatawala, mishipa ya damu kichwani inatanuka na maumivu yanaanza, kwa kawaida baada ya saa 12 hadi 24 tangu kikombe cha mwisho. Mimi nilikunywa kahawa yangu ya mwisho jioni ya kuandama mwezi. Hesabu ikaniangukia pale pale adhuhuri.

Kwa anayeacha kabisa, siku ya pili ndiyo huwa mbaya zaidi, na hali huisha ndani ya siku mbili hadi tisa. Tatizo letu ni kwamba hatuachi. Tunafuturu kwa chai nzito, kichwa kinatulia ndani ya saa moja, kesho mchana kinadai tena.

Mwaka jana nilianza katikati ya Shabani. Kila baada ya siku tatu nilipunguza kikombe kimoja, nikianza na vya mchana, maana hivyo ndivyo funga itakavyovikata. Finjani za kahawa nazo zikaondoka. Ulipoandama mwezi nilibaki na kikombe kimoja cha chai, nikakihamishia daku. Usikiweke baada ya tarawehe: nusu ya kafeini hubaki mwilini saa tano hivi baadaye, na usingizi wenyewe wa Ramadhani ni wa kuibia.

Usingizi ndio ulikuwa kosa langu la pili. Nilishona hadi saa sita usiku, saa kumi niko macho kwa daku. Sasa nafunga cherehani saa nne, na baada ya adhuhuri najilaza nusu saa juu ya mkeka. Nikizidisha naamka na kichwa kizito.

Na daku jamani, msiiruke! Mwaka ule nilikuwa nakula mkate mweupe na vitu vya sukari nyingi. Sukari ya namna hiyo hupanda haraka na kushuka haraka. Siku hizi nakula mbaazi au maharage na yai, karibu na adhana, pamoja na maji ya kutosha. Ukiumwa kichwa huku unatetemeka na kutoka jasho jingi, hiyo si chai tena, huenda sukari imeshuka. Mgonjwa wa kisukari apime kidoleni, kupima hakufunguzi. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L afungue hapo hapo, Mungu ameshamruhusu. Kichwa chenye homa, shingo kukakamaa, au kilichopasuka ghafla kwa ukali ambao hujawahi kuuona, ni cha hospitali, si cha kusubiri magharibi.

Kwa hiyo dada yangu, wewe Ramadhani imeshakukuta, huna Shabani ya kupunguzia. Leo usiku futuru bila chai. Daku kunywa kikombe kimoja, si viwili. Baada ya siku tatu kiwe nusu. Paji likibana sana, meza paracetamoli mbili wakati wa daku kama huna ugonjwa wa ini, lakini soma pakiti kwanza: nyingine zina kafeini ndani, na ukizimeza kila usiku utakuwa unalisha deni lile lile unalojaribu kulipa.