Kaloli, kamba na yai lililo hewani

*Shikamoo mwalimu. Niko Arua, Uganda, natengeneza katuni fupi ya dakika moja na nusu, haina maneno. Muuza roleksi, zile chapati zinazoviringwa na mayai, ana meza yake kando ya barabara, na kaloli, yule korongo mkubwa wa majalalani, anamwibia. Kila muuzaji akiinama kuchukua yai, kaloli anameza roleksi. Mara ya kwanza anaiba moja, mara ya pili mbili, mara ya tatu anameza kikaango kizima, halafu mwavuli unamwangukia muuzaji. Storibodi nimeshaiunganisha kuwa animatiki, yaani video ya majaribio ya michoro hiyo, fremu 24 kwa sekunde. Rafiki zangu walicheka kidogo mara ya kwanza, basi. Mwisho, mahali nilipotegemea wavunjike mbavu, walinyamaza. Nimeharakisha kila kitu, haikusaidia. Kosa liko kwenye michoro, mwendo au hadithi?*

Marahaba. Kosa liko kwenye hadithi, na mwendo umelizidisha kidogo. Michoro iache kwanza.

Wizi wa kwanza uliwachekesha kwa sababu umeutega vizuri. Mtazamaji anamwona kaloli, muuzaji hamwoni. Baada ya sekunde chache kanuni ya mchezo imeeleweka: akiinama, anaibiwa. Wizi wa pili haukuongeza kitu kwenye kanuni hiyo. Roleksi moja imekuwa mbili, lakini swali lililo kichwani mwa mtazamaji ni lilelile, na jibu amekwisha kulijua. Kikaango nacho ni kikubwa zaidi, ila muuzaji wako bado ni yuleyule anayeinama na kuinuka kama mara ya kwanza. Katika vichekesho vya kuanguka na kugongana, anayepandisha moto ni yule anayeibiwa. Lazima ajaribu njia mpya, njia hiyo imgharimu zaidi ya ile iliyotangulia, na ushindi uonekane umekaribia kuliko mwanzo. Ukaidi wake ndio injini. Mwizi anaweza kufanya jambo moja tu tangu mwanzo hadi mwisho na asichoshe mtu.

Mwavuli una tatizo jingine. Hakuna aliyeonyeshwa kwamba unaweza kuanguka, wala muuzaji hakufanya lolote la kuuangusha. Ukianguka, hiyo ni ajali. Tunamwonea huruma, hatucheki. Mfyatuko unaochekesha hutoka kwenye kitu ambacho mtazamaji amekwisha kukiona, kikatumika kwa kazi nyingine, akakisahau.

Tuijenge upya basi, kwa wahusika walewale na meza ileile.

Mpe muuzaji madaha ya kazi. Waliozoea kusimama kwenye meza za roleksi wanajua kwamba baadhi ya vijana hawa ni wasanii. Wako asivunje yai hivihivi: alirushe juu kwanza, alidake, ndipo alivunje. Yai hilo litakufanyia kazi mbili. Kwanza litakuwa saa ya filamu yako. Yai linalopanda fremu 12 na kushuka fremu 12 limekaa hewani sekunde moja, na kwa mvuto wa dunia litakuwa limepanda kama mita 1.2 juu ya mkono. Panga ukingo wa juu wa picha uwe chini kidogo ya hapo, ili kila mara yai litoke nje ya picha kitambo kidogo, kisha lirudi. Mtazamaji akiona hivyo mara mbili, ameshazoea kwamba yai likipotea juu litarudi. Kazi ya pili ya yai utaiona mwishoni.

Ongeza pia mteja mmoja, asimame kushoto akitafuna kitu tangu fremu ya kwanza. Haijalishi anatafuna nini. Wizi wa kwanza ukitokea, muuzaji anainuka, anaona sahani tupu, anamtazama mteja anayetafuna. Hapo umepata kicheko cha bure, na umempa muuzaji sababu ya kutomtafuta mwizi wa kweli.

Jaribio la pili: muuzaji anajifanya anainama, anainuka ghafla. Kaloli ametulia, anatazama pembeni kama mzee anayesubiri basi. Anajifanya tena, kaloli vilevile. Safari ya tatu anainama kweli, na sahani iko tupu. Kanuni haijabadilika, lakini sasa kuna akili mbili zinazopimana, na akili ya ndege ndiyo iliyoshinda.

Jaribio la tatu ndilo la kumponza. Muuzaji anachukua kamba, anafunga ncha moja kwenye roleksi na nyingine kiunoni mwake. Kamba iliyobaki imelala chini, imeviringwa mizunguko mitano inayohesabika kwa jicho. Anainama. Kaloli anameza, anaruka kwenda kulia, anatoka kwenye picha. Muuzaji anainuka, anatutazama sisi, anapapasa fundo la kiunoni na kutabasamu. Nyuma yake kamba inafunguka.

Hapa ndipo mwendo unapoamua kila kitu, na ndipo kuharakisha kulipokuumiza. Kinachotakiwa kuwa cha haraka ni tukio lenyewe tu. Kilicho kabla yake na kilicho baada yake vinahitaji nafasi, kwa sababu kicheko hutokea mtazamaji anapoelewa, na kuelewa kunachukua muda. Ukifupisha vyote kwa kiwango kimoja, tukio linapoteza wepesi wake kwa kuwa hakuna tena kitu cha polepole cha kulilinganisha nacho.

Kila mzunguko wa kamba upe fremu 8, zote sawa, bila kuongeza kasi. Usawa huo unamfanya mtazamaji ahesabu moyoni: moja, mbili, tatu. Anajua kitakachotokea ukifika wa tano, na mwili wake unajiandaa. Sasa mnyime. Mzunguko wa mwisho ukiisha, kamba inabaki imelegea, haivuti. Shikilia fremu 18 kimya kabisa. Muuzaji, aliyeridhika, anarusha yai juu. Yai linatoka kwenye picha. Hapo ndipo kamba inapokaza.

Mvuto wenyewe ni fremu 3. Ya kwanza mwili umepinda na kurefuka, kiuno kimetangulia, mikono na miguu imebaki nyuma. Ya pili ni mchirizi wa rangi za nguo zake kuelekea kulia. Ya tatu hakuna mtu. Zimebaki ndala zake mbili, zimesimama palepale alipokuwa. Shikilia picha hiyo fremu 24. Ukiitazama kwenye kompyuta utaiona ndefu kupita kiasi, na utashawishika kuikata hadi 10. Usiikate. Wewe unajua ndala ziko wapi. Mtazamaji anahitaji nusu sekunde ya kwanza kuzitafuta na nusu ya pili kuzicheka.

Kisha yai linarudi. Linatua kwenye kikaango, linapasuka, linachemka. Ukipiga hesabu, limekaa hewani karibu sekunde 2, na kwa fizikia ya kweli lingebidi lipande kama mita 5. Hakuna atakayekudai, maana hakuna aliyeliona likipanda. Ndiyo sababu tulilizoesha kutoka nje ya picha.

Kuna nyongeza moja ndogo baada ya hapo. Mteja anatazama ndala, anatazama kikaango, anaacha kutafuna kwa mara ya kwanza, anazunguka meza, anashika mwiko na kuligeuza yai. Mpe sekunde 2 au 3, taratibu, kata. Usimrudishe kaloli, wala usituonyeshe muuzaji ameangukia wapi. Mwavuli usimame wima mpaka mwisho.

Tangu kamba inapofungwa hadi yai linapotua, usibadilishe shoti hata mara moja. Shoti iwe pana, ya ubavuni, mteja kushoto, muuzaji katikati, kaloli kulia. Ukikata kwenda karibu wakati wa mvuto, jicho litatumia fremu kadhaa kujua limefika wapi, na mvuto wako una fremu 3 tu. Nasisitiza hili kwa sababu wengi wakiwa na wasiwasi na kituko chao hukimbilia uso wa mhusika uliojaza skrini. Uso unaonyesha hisia. Kituko cha kamba kinahitaji umbali kati ya kiuno na ncha ya kamba uonekane.

Kwenye skripti, yaandike haya kwa namna ambayo mchoraji atausikia muda bila kukuuliza. Picha moja, mstari mmoja, kitenzi cha wakati uliopo, na mstari mtupu pale unapotaka kushikilia. Namna hii:

Kamba inafunguka. Mzunguko wa tano unaisha.

Kimya. Kamba imelegea.

Muuzaji anarusha yai. Yai linatoka juu ya picha.
Kamba inakaza. Muuzaji hayupo.

Ndala.

Yai linatua kikaangoni.

Ukiandika «muuzaji anavutwa kwa kasi ya ajabu huku akipiga kelele na kuacha ndala zake nyuma», umefunga matukio matatu kwenye sentensi moja, na mchoraji atayachora kwa wakati mmoja.

Sauti iweke mwisho. Mlio wa kamba kukaza uanze fremu 1 au 2 baada ya picha, usitangulie. Sauti ikitangulia, hata kwa kidogo, mtazamaji anakuwa amejulishwa kabla ya kuona. Wakati wa ndala acha kelele za mbali za barabarani tu, bila muziki. Filamu yako haina maneno, kwa hiyo itaeleweka Arua kwa Walugbara kama itakavyoeleweka Kampala. Ila ikifika kwenye vibanda vya video, vijei, yule anayesimulia filamu kwa sauti yake wakati inaonyeshwa, atakijaza kimya hicho chote kwa maneno yake. Hilo huwezi kulizuia, na pengine atachekesha kuliko wewe.

Animatiki mpya ikiwa tayari, usiwaonyeshe rafiki walewale, wameshaujua mchezo. Tafuta watu watatu au wanne wasioijua hadithi, mmoja mmoja, na uwatazame wao badala ya skrini. Simamisha filamu muuzaji anapomaliza kufunga kamba kiunoni na uulize: «Unadhani nini kitatokea?» Akisema hajui, kutega kwako hakujakamilika, huenda kamba haionekani au kaloli yuko nyuma ya kitu. Akisema «atavutwa», ndivyo unavyotaka. Lakini akisema atavutwa na yai litarudi, umelikazia yai mno kwenye marusho ya mwanzo, basi lifanye dogo na lisilo na mlio. Mwache aendelee. Akicheka yai likiwa tayari kikaangoni, huku ndala zilimpita bila kuziona, ongeza fremu 6 kwenye ndala na umjaribu mtu mwingine. Akicheka kwenye ndala kisha kicheko kikakatika kabla yai halijafika, punguza fremu 4 hadi yai limkute angali anacheka.