Niliposti 58,000 badala ya 85,000: niombeje radhi?

*Shikamoo dada. Nina duka la vyombo Mwanza. Jana usiku niliposti seti ya sufuria Instagram kwa 58,000, kumbe bei yake ni 85,000. Watatu wameshalipa kwa Lipa Namba na wengine wanaulizia. Nifute tu posti? Na nikiomba radhi niandike nini?*

Marahaba mdogo wangu. Usianze kwa kufuta. Watu wameshapiga skrinshoti, na posti ikitoweka kabla hujasema neno utaonekana umekimbia. Hariri maelezo ya chini, marekebisho yakae mstari wa kwanza kabisa. Kama bei imeandikwa juu ya picha yenyewe, hiyo huwezi kuibadilisha. Weka posti mpya, ndipo ya zamani uiondoe.

Sasa wale watatu. Tangazo la bei kwa kawaida ni mwaliko tu wa kununua, halikufungi kumuuzia kila anayekuja. Lakini ukishapokea hela na kumjibu mtu "nimepata, naandaa mzigo", hapo mmekubaliana. Wape kwa 58,000. Tuseme uliinunua seti kwa 66,000: unapoteza 8,000 kwa kila mmoja, jumla 24,000. Inauma, ila inabebeka. Ingekuwa umeandika 8,500, ningekushauri urudishe hela, maana hapo hata mnunuzi anajua sifuri imeruka.

Wapigie hao kwanza, wasisome habari zao kwenye posti. Kisha andika hivi:

"Habari wateja wetu. Jana usiku tuliposti seti ya sufuria kwa Sh 58,000. Niligeuza tarakimu wakati wa kuandika. Bei sahihi ni Sh 85,000. Waliolipa kabla ya tangazo hili watapata mzigo kwa 58,000 ileile, bila kuongeza kitu. Atakayelipa 58,000 baada ya hapa tutampigia achague: aongeze 27,000, au arudishiwe hela yake yote leo hiihii, pamoja na ya kutolea. Samahanini sana."

Bei zote mbili zimetajwa, ili aliyeona ile ya kwanza asibaki anajiuliza. Usimsingizie msaidizi wala mtandao. Na ile "samahani kwa usumbufu wowote uliojitokeza" iache. Inasomeka kama barua ya benki. Hiyo "ya kutolea" usiione ndogo: mteja akirudishiwa 58,000 kavu, akienda kwa wakala anakatwa ada, na hapo ndipo maneno yanapoanzia.

Wakati wa kurudisha, tuma kwenye namba ileile iliyolipa. Posti ya namna hii huvuta matapeli: atakuja mtu na skrinshoti ya muamala anadai naye alilipa, umrudishie kwenye namba nyingine. Usiangalie skrinshoti yake wala meseji aliyokufowadia. Fungua taarifa ya miamala ya Lipa Namba yako, tafuta jina, kiasi na saa. Kama hayumo, hajalipa.