Mshahara wa mbia si gharama ya duka: jinsi tulivyogawana faida, mwaka mzuri na mwaka mbaya

*"Wakuu, naomba msaada. Tuna duka la vifaa vya ujenzi, wawili. Mimi niliweka milioni 12, mwenzangu milioni 30, halafu Julai mosi akaongeza milioni 6. Mimi ndiye nashinda dukani. Tuliandikiana riba ya mtaji asilimia 10 kwa mwaka, mshahara wangu 350,000 kwa mwezi, kinachobaki nusu kwa nusu. Mshahara nimekuwa nachukua kila mwezi, mwenzangu hajagusa kitu. Mwaka umeisha, faida baada ya kutoa gharama zote na mshahara wangu ni milioni 11.5, ila benki kuna milioni 5 tu. Tunagawanaje? Na mwaka ukiwa mbaya faida isitoshe riba na mshahara, inakuwaje?"*

Mkuu, nimepitia hilo lako karibu lote. Mimi na binamu yangu tulikuwa na mashine ya kukoboa mpunga kule Mbarali. Mimi ndiye niliyeweka fedha nyingi, yeye ndiye aliyekuwa anakula vumbi la pumba kila siku. Mkataba wetu ulifanana na wenu, na mwaka wa kwanza tulikosea palepale ninapoona wewe unaelekea kukosea.

Kosa liko kwenye maneno yako "baada ya kutoa gharama zote na mshahara wangu". Mshahara wa kijana mnayemwajiri abebe saruji ni gharama, unakaa pamoja na pango na umeme. Wako si gharama. Wewe ni mwenye duka, na mwenye duka hawezi kujiajiri mwenyewe. Huo mshahara ni njia tu mliyokubaliana ya kugawana faida, ili anayeshinda dukani apate chake kabla ya nusu kwa nusu. Riba ya mtaji nayo ni vilevile. Kwa hiyo hesabu ya faida na hasara inafungwa kwanza bila mshahara wako wala riba, halafu faida inahamia kwenye hesabu ya pili, ya mgawanyo, na huko ndiko mshahara na riba vinakotokea.

Basi rudisha mshahara kwanza. 350,000 mara miezi 12 ni 4,200,000. Jumlisha na 11,500,000, faida halisi ya duka ni 15,700,000. Hiyo ndiyo mnayoigawa.

Riba ya mtaji wako ni asilimia 10 ya milioni 12, yaani 1,200,000. Ya mwenzako igawe vipande viwili. Milioni 30 zilikaa mwaka mzima, zinazaa 3,000,000. Milioni 6 ziliingia Julai mosi, zimefanya kazi miezi 6, kwa hiyo zinazaa 300,000 na si 600,000. Ukichukua mtaji wa Desemba, milioni 36, ukaupiga asilimia 10 moja kwa moja, umempa riba ya miezi ambayo fedha hizo zilikuwa bado mfukoni mwake. Yake jumla ni 3,300,000.

Hesabu ya mgawanyo inakuwa hivi:

Faida ya mwaka: 15,700,000
Riba ya mtaji, wewe: 1,200,000
Riba ya mtaji, mwenzako: 3,300,000
Mshahara wako: 4,200,000
Kinachobaki: 7,000,000, kila mmoja 3,500,000

Fungu lako lote ni 8,900,000 na la mwenzako 6,800,000. Jumlisha, unarudi kwenye 15,700,000. Isiporudi, kuna kitu umekihesabu mara mbili au umekisahau.

Sasa angalia ingekuwaje kama ungeanza na milioni 11.5. Ungetoa riba 4,500,000, ungetoa tena mshahara 4,200,000, zingebaki 2,800,000, kila mmoja 1,400,000. Kwenye karatasi ungeandikiwa 6,800,000, lakini ukumbuke ulishachukua 4,200,000 taslimu ambazo ziliandikwa kama gharama ya duka. Mkononi mwako ni milioni 11, na mwenzako anabaki na 4,700,000. Amepoteza 2,100,000, nusu kamili ya mshahara wako, na hakuna aliyemwibia. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu, na mimi ndiye niliyekuwa upande wa kupoteza. Niligundua mwaka uliofuata nilipojaribu kulinganisha fedha alizochukua binamu na fungu lake kwenye karatasi, zikakataa kulingana. Kwa miezi kadhaa nilimshuku mtu ambaye hakuwa na kosa, na hilo liliniuma kuliko fedha zenyewe. Ndiyo maana nakuomba uifanye hesabu hii mbele ya mwenzako, mstari kwa mstari.

Zile 350,000 ulizochukua kila mwezi ziandike kwenye akaunti yako binafsi ndani ya vitabu vya duka. Kila mbia awe na akaunti mbili: ya mtaji, ambayo haiguswi mpaka mkubaliane kuongeza au kupunguza, na hiyo ya binafsi, ambamo riba, mshahara na fungu la faida vinaingia, na kila alichochukua kinatoka. Yako imeingiza 8,900,000 na imetoka 4,200,000, unadai 4,700,000. Ya mwenzako inadai 6,800,000 yote. Kama ulichukua mabati au saruji ya nyumbani, nayo itoke kwenye akaunti yako kwa bei mliyonunulia, na manunuzi ya duka yapungue kwa kiasi hichohicho. Ukiiacha bila kuiandika, faida ya duka inaonekana ndogo na mwenzako anakuwa amekulipia nusu ya mabati.

Kabla hujaendelea, muulize mwenzako kitu kimoja kuhusu zile milioni 6 za Julai: ni mtaji au alilikopesha duka? Nimezihesabu kama mtaji kwa sababu wewe umesema "akaongeza". Zikiwa mkopo mambo yanabadilika, kwa maana riba ya mkopo wa mbia ni gharama kweli. Inatolewa kabla ya kupata faida, na duka linadaiwa hata likipata hasara. Kwetu binamu aliwahi kuleta fedha za kununulia mota baada ya ile ya zamani kuungua, hatukuandika popote ni za nini, na mwisho wa mwaka kila mmoja alikuwa na jibu lake. Siku fedha zinapoingia, andikeni mstari mmoja, wekeni saini wote wawili.

Sasa swali lako la pili, ambalo ndilo gumu. Mwaka wa mota kuungua sisi tulipata faida ya 4,000,000 tu. Mtaji wangu ulikuwa milioni 20, wa binamu milioni 8, riba asilimia 10, kwa hiyo 2,000,000 kwangu na 800,000 kwake. Mshahara wake ulikuwa 300,000 kwa mwezi, 3,600,000 kwa mwaka. Jumla ya ahadi zote 6,400,000, na faida haikufika huko. Palipungua 2,400,000.

Hesabu tulizofundishwa wengi wetu shuleni zinasema hivi: kama mkataba umetaja riba na mshahara bila sharti, vyote vinaandikwa kamili, na pengo linagawanywa kwa uwiano uleule wa faida. Kwetu nusu kwa nusu, 1,200,000 kila mmoja. Mimi nikapata 2,000,000 kutoa 1,200,000, yaani 800,000. Binamu akapata 800,000 na 3,600,000, kutoa 1,200,000, yaani 3,200,000. Jumla 4,000,000, hesabu imefunga.

Lakini mweleze hivyo mtu aliyefanya kazi mwaka mzima. Binamu aliniambia, "Kaka, mashine imepata faida, mimi nakatwaje hasara?" Na alikuwa na haki ya kuuliza. Alikuwa ameshachukua 3,600,000 zake mwezi kwa mwezi na ameshazila na watoto, sasa akaunti yake inasema amezidisha 400,000 na anadaiwa. Mimi nami nilikuwa na hoja yangu, kwamba milioni 20 zangu ningeziweka kwingine nisingesubiri mota ya mtu.

Tulichofanya ni kubadili mkataba, kwa miaka iliyofuata tu, si kwa ule uliopita. Tuliandika kwamba mshahara unatangulia. Riba inalipwa kwa kadiri faida iliyobaki inavyoruhusu, na isipotosha tunaigawa kwa uwiano wa mitaji. Kwa utaratibu huo, katika ile 4,000,000 zingebaki 400,000 baada ya mshahara. Mimi ningepata karibu 286,000 na yeye karibu 114,000. Ni kweli mimi ningeumia zaidi. Nilikubali kwa sababu bila yeye mashine isingezunguka, na mtu anayelala njaa hawezi kuisimamia. Wenye mtaji wengine wangekataa, na wana sababu zao. Muhimu ni mkataba useme lipi linatangulia faida isipotosha, kwa sababu wenu, kwa ulivyoueleza, uko kimya.

Na msije mkaamua kuachana na maandishi mkasema mtaelewana. Kwa Tanzania mambo ya ubia yamo ndani ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na pasipo makubaliano msingi wake ni kwamba faida inagawanywa sawa, hakuna riba ya mtaji, na mbia halipwi mshahara kwa kufanya kazi ya ubia. Kwa mwaka wenu huu ingekuwa 7,850,000 kila mmoja. Wewe ungepoteza zaidi ya milioni moja iliyotokana na kushinda dukani.

La benki nalo lisikutishe. Mnadai jumla ya 11,500,000 na taslimu ni milioni 5 kwa sababu faida nyingine imegeuka nondo na saruji iliyoko stoo, pamoja na madeni ya mafundi. Hesabu ya mgawanyo inasema nani anadai nini, haisemi leo mtoe. Mkichota milioni 5 zote, Januari mtaagiza mzigo kwa fedha gani? Sisi tulikuwa tunachukua kidogo mwisho wa mwaka, na nyingine mavuno yanapoanza na wadeni wanapolipa. Kwa kuwa mwenzako ndiye hajagusa kitu, mngeanza naye. Atakachokiacha kwenye akaunti yake binafsi hakizai riba, kwani riba mliyokubaliana ni ya mtaji. Akitaka kizae, mkubaliane kukihamishia kwenye mtaji wake, muandike na tarehe, na mwakani muihesabu kuanzia siku hiyo.